Nani Athibitishe Ubaguzi Kazini?

Msimu wa mavuno hapa Mwea vinu vya mpunga vya Wang'uru huwa na vibarua wengi. Tuseme katika kinu kimoja mama anapima na kufunga mchele kwa shilingi 600 kwa siku, na kijana aliye meza hiyohiyo analipwa 800. Mama akiuliza, msimamizi humjibu kwamba wanaume hubeba magunia. Tumfuate mama huyu hadi Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliyoko Nyeri.

Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinakataza ubaguzi wa jinsia, kabila, ulemavu, ujauzito na mengineyo, na kinataka kazi zenye thamani sawa zilipwe sawa. Kinasema pia kwamba ubaguzi ukidaiwa, mwajiri ndiye wa kuthibitisha kuwa haukutokea. Wengi husoma hapo wakadhani kulalamika kunatosha. Sivyo. Madaktari sita Waafrika waliishtaki taasisi ya utafiti ya KEMRI kwa ubaguzi wa rangi, wakashinda mwanzoni. Rufaa ikawageuka, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ikakubaliana nayo: mdai huanza kwa kuweka ushahidi wake mezani, ndipo mzigo umhamie mwajiri.

Basi mama aanze na kijana yule. Bila mtu wa kulinganishwa naye, hana kesi, ana uchungu tu. Aonyeshe kwamba kazi ni moja: saa zilezile, mizani ileile, idadi ya mifuko kwa siku. Aonyeshe malipo yote mawili kwa meseji za M-Pesa, au kijana mwenyewe akubali kuwa shahidi. Hapa ndipo kesi nyingi hufia, kwa kuwa kijana naye anaogopa kuachishwa.

Hayo yakisimama, mwajiri ndiye atakayeeleza zile 200. Sheria inamtaka atunze kumbukumbu za wafanyakazi, kwa hiyo daftari lake litaitishwa. Likionyesha kwamba kijana hupakia lori kila jioni, huenda tofauti hiyo ni halali. Likionyesha kwamba wapakiaji ni watu wengine kabisa, sababu ya magunia imeanguka.

Manyanyaso ya kingono ni magumu zaidi, maana mara nyingi hakuna shahidi. Mimi hutazama tarehe: tuseme mama alimkataa msimamizi Jumanne, Jumatano jina lake halikusomwa getini, ilhali wenzake wote waliitwa. Amwambie mtu anayemwamini siku hiyohiyo, aandike. Kinu chenye watu 20 au zaidi kinapaswa kuwa na sera ya maandishi kuhusu manyanyaso hayo. Aiombe, na kama haipo, hilo nalo aliseme mahakamani.

Madai hufunguliwa ndani ya miaka mitatu. Simu hupotea mapema kuliko hapo, kwa hiyo taarifa ya M-Pesa aichapishe sasa, angali kazini.