Printa Inayobadilika Yenyewe

Umechapa risiti kwenye printa ndogo ya kaunta. Muda mfupi baadaye barua ya ofisi nayo inatokea kwenye karatasi ya risiti. Printa si mbovu. Tangu mwishoni mwa 2015, Windows 10, na baadaye Windows 11, huweza kujichagulia printa ya msingi: ile uliyoitumia mwisho mahali ulipo. Humfaa anayehama na kompyuta mpakato kati ya nyumbani na kazini, lakini kaunta yenye printa mbili huivuruga kabisa.

Kwenye Windows 11, fungua Settings, ingia Bluetooth & devices, kisha Printers & scanners. Zima “Let Windows manage my default printer”. Usiishie hapo: bofya printa unayoitaka, halafu “Set as default”. Kama kitufe hicho hukioni, bado hujazima.