Namba za Anwani Katika Malipo ya Kadi



Chama kinapouza kahawa ya kukaanga kwa mnunuzi wa Marekani kwa njia ya mtandao, mnunuzi huyo hutakiwa kuandika namba ya kadi yake pamoja na anwani ambayo benki inayo katika daftari zake. Anwani hiyo si lazima iwe ile ya kupelekewa mzigo. Wengi hudhani kwamba benki huisoma yote neno kwa neno. Sivyo. Majina ya mitaa huandikwa kwa namna nyingi, mara kwa kirefu, mara kwa mkato. Kwa hiyo zinazolinganishwa hasa ni tarakimu, yaani namba ya nyumba na namba ya posta, ambayo huko huwa na tarakimu 5.

Tarakimu hizo husafiri pamoja na ombi la malipo hadi benki iliyotoa kadi. Benki hurudisha majibu mawili, nayo yasichanganywe. La kwanza husema kama malipo yameidhinishwa. La pili ni herufi moja tu: Y, namba zote mbili zimelingana; A, ya nyumba peke yake; Z, ya posta peke yake; N, hakuna iliyolingana. Kwa kawaida benki haikatai malipo kwa sababu ya herufi hiyo. Uamuzi huachiwa muuzaji, na hapo ndipo matata huanzia.

Chukulieni mfano wa mnunuzi wa mjini Minneapolis aliyehama nyumba namba 318 akaingia namba 1420, katika eneo lile lile la posta, 55406, bila kuiarifu benki yake. Ameagiza kahawa ya dola 46. Benki yaidhinisha, nayo yarudisha Z. Lakini duka limepangwa kupokea Y tu, basi lamkataa. Mnunuzi, akidhani amekosea kuandika, ajaribu tena, na tena. Kufikia jioni dola 138 zimezuiliwa katika hesabu yake, wala hana kahawa! Fedha hizo hufunguliwa muuzaji anapofuta idhini zile, au siku kadhaa zikipita na idhini kuisha zenyewe. Karani mwangalifu angezifuta mara moja, kisha akamwuliza mnunuzi kama amehama karibuni.

Iko pia herufi G, maana yake kadi imetolewa na benki ya nchi za nje isiyoshiriki katika ulinganishaji huu. Mteja mwenye kadi ya namna hiyo, na anwani yake ni sanduku la posta, hana kosa lolote; duka linalokataa kila G humfukuza yeye na wenzake wote. Na mwizi aliyeiba kadi pamoja na barua ya benki hupata Y bila taabu.