Umeahidiwa Kazi kwa Simu? Omba Barua

Mwajiri akikupigia simu na kusema, “Njoo Jumatatu, kazi umepata,” mshukuru, kisha mtumie ujumbe siku hiyo hiyo: “Nimekubali kazi ya karani wa stoo. Tafadhali nithibitishie kwa barua mshahara, kama mkataba ni wa kudumu au wa muda, na majaribio ni ya miezi mingapi.”

Si kukosa adabu. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka yeye aandae mkataba wa maandishi kwa kazi ya miezi 3 au zaidi. Majaribio yasizidi miezi 6, na hayaongezwi bila ridhaa yako. Lakini katika majaribio unaweza kuachishwa kwa notisi ya siku 7 tu, kwa hivyo subiri barua kabla hujaacha kibarua ulicho nacho.