Taja Karatasi, Taja Siku



Wiki hii binti mmoja wa Wanyange alinionyesha barua aliyotumiwa na ofisi iliyokuwa ikimsaidia kufungua mirathi ya marehemu baba yake. Ofisi yenyewe sitaitaja. Barua ilikuwa na mstari mmoja tu: “Lete nyaraka zilizobaki haraka iwezekanavyo.” Ilipomfikia, alikuwa ameshapanda bodaboda kwenda mjini Jinja mara nne, na kila alipofika alitajiwa karatasi moja mpya. Alikuwa tayari kuleta kila kitu, lakini hakuna aliyemwambia “kila kitu” ni nini.

Leo nazungumza na ninyi mnaoandika barua za namna hiyo: makarani wa mawakili, maofisa wa mikopo, walimu wanaopokea maombi ya nafasi za shule. Nitashika mfano huu wa mirathi, kwa sababu ndipo karatasi huwa nyingi na kila moja hutoka mlango wake.

Kwa sheria ya Uganda, mtoto anayetaka barua za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani hana budi kuionyesha mahakama mojawapo ya mambo mawili: kwamba Msimamizi Mkuu wa Mirathi wa Serikali amekataa kuisimamia mali hiyo mwenyewe, au kwamba alipewa taarifa ya maandishi ya siku 14 kamili. Mjane au mgane halazimiki kufanya hivyo, mtoto analazimika. Basi kabla ya kuomba karatasi yoyote, tazama kwanza mwombaji ni nani kwa marehemu. Orodha ya mama haifanani na ya bintiye, na ukimpa mmoja orodha ya mwingine utamtuma kutafuta asichohitaji.

Sasa tuiandike upya barua ya yule binti, tuseme imeandikwa Jumatatu, tarehe 2 Machi 2026. Ianze na vilivyokwisha kupokelewa: “Tumepokea nakala ya kitambulisho chako na barua ya mwenyekiti wa LC1 inayokutambulisha. Hivyo usivilete tena.” Sentensi hiyo inamwokolea safari, na inailinda ofisi siku akija kudai kwamba karatasi yake imepotea. Kisha ifuate orodha yenye namba.

Moja: cheti cha kifo cha baba, kutoka NIRA. Kwa kuwa alifia nyumbani, anza kwa mwenyekiti wa LC1 akuandikie taarifa ya kifo, ndipo uende ofisi ya NIRA.

Mbili: kumbukumbu za kikao cha familia kilichokuchagua wewe, zenye majina na sahihi za wote waliohudhuria, na muhuri wa mwenyekiti wa LC1.

Tatu: uthibitisho wa ardhi. Kama ipo hati, lete nakala pamoja na hati yenyewe, tuilinganishe mbele yako na kukurudishia papo hapo. Kama haipo, lete mkataba wa mauziano au barua ya mwenyekiti wa LC1.

Nne: kiapo cha majina, kilichoapwa mbele ya kamishna wa viapo, iwapo jina la baba kwenye cheti cha kifo halilingani na lile la kwenye karatasi za ardhi.

Angalieni mambo mawili katika orodha hiyo. Kwanza, kila namba inataja karatasi, inataja inakotoka, na inataja iwe katika hali gani. Ukisema “uthibitisho wa ardhi” ukaishia hapo, mwenye kiwanja cha ukoo hapa Busoga, ambacho hakijawahi kupimwa, atafikiri anadaiwa hati ambayo haikuwahi kuwapo. Atakata tamaa, na faili litalala.

Pili, namba zimefuata njia ya miguu. Cheti cha kifo kimetangulia kwa sababu kiapo cha majina hakiandikiki mpaka jina lililo kwenye cheti lionekane. Na hili la majina ndilo linalokwamisha mafaili mengi. Mzee mmoja anaitwa kwa jina la ubatizo kanisani, kwa jina la ukoo shambani, na kwenye mkataba wa zamani karani aliliandika jina hilo kadiri alivyolisikia. Karatasi zote ni za kweli, ila ukiziweka pamoja zinaonekana za watu watatu. Karani makini huiona tofauti hiyo siku anapolifungua faili, si siku ambayo mahakama inalirudisha.

Wala usiombe kwa tahadhari tu. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa za watu inataka tukusanye zile tu zinazohitajika kwa kazi iliyopo. Kama hakuna namba katika fomu yako inayouliza kitambulisho cha kila mjomba, usikidai.

Tumebakiwa na tarehe. Wengi huandika “siku saba” kwa mazoea. Tarehe inapaswa kuhesabiwa kutoka kwenye karatasi inayochukua muda mrefu zaidi, na kwa binti huyu ni kikao cha familia. Kaka yake mmoja anafanya kazi Mbale na mwingine yuko Nairobi. Jumamosi ya kwanza ni tarehe 7 Machi, karibu mno kwa aliye Nairobi kuomba ruhusa kazini, kwa hiyo kikao kitakuwa Jumamosi ya tarehe 14. Muhuri wa mwenyekiti utapatikana mwanzoni mwa wiki inayofuata. Kuelekea mwisho wa wiki hiyo ni Idi, na ofisi zitafungwa. Ukimpa siku saba, umempa tarehe ambayo wewe mwenyewe unajua hataifikia. Mpe Ijumaa, tarehe 27 Machi 2026.

Iandike hivyo hivyo: jina la siku, tarehe, mwezi kwa herufi, na mwaka. Ukiweka saa, andika “saa kumi jioni”, maana hapa kwetu mmoja akisoma saa kumi anafikiria jioni, na mwingine anayehesabu kwa Kiingereza anafikiria asubuhi.

Halafu mweleze ukweli wa kitakachotokea: “Tusipozipata kufikia siku hiyo, faili lako halitafutwa, ila ombi halitapelekwa mpaka zitimie. Ukiona karatasi yoyote itachelewa, tupigie kabla ya Jumatano, tarehe 18 Machi, tupange siku nyingine.” Vitisho visivyo vya kweli huwatia hofu watu waaminifu, nao hukimbilia njia za mkato. Mtu huchonga muhuri wa bandia kwa ajili ya karatasi ambayo angeipata kihalali kwa wiki moja zaidi.

Mwisho, isome barua yako kwa sauti kabla ya kuituma, ukimfikiria mama aliyeketi barazani Wanyange akisomewa na mjukuu wake. Kama akimaliza kusomewa hawezi kusema anaanza na mlango gani kesho asubuhi, irudie kuiandika.

Nanyi mnaopokea barua za mstari mmoja, msione haya. Rudini ofisini mara moja tu, na mseme: “Naomba orodha yote, kwa maandishi, yenye namba na siku ya kurudisha.” Hiyo ni haki yenu, na karani anayeijua kazi yake ataiandika mkiwa mmesimama hapo hapo.