Karatasi ya Dawa Ndani ya Simu: Tafuta Sehemu Tatu

Leo chukua simu yako, tusome pamoja.

Tuchukue mfano. Dada yako anaishi Kanombe. Amekununulia ibuprofeni ya miligramu 400, akampa mtu anayesafiri akuletee. Karatasi ya ndani ameipiga picha, akakutumia kwa simu. Wewe una mimba ya miezi saba na mgongo unakuuma. Je, umeze?

Kwanza angalia picha yenyewe. Je, unaona pembe zote nne za karatasi? Je, pande zote mbili zimepigwa? Omba pia picha ya boksi, ili ujue kama jina na miligramu zinalingana na za karatasi.

Sasa tafuta neno «Indications». Hapo wanaandika kazi ya dawa. Kwa ibuprofeni utakuta maumivu na homa. Mgongo unaingia hapo. Lakini usimeze bado.

Tafuta neno la pili: «Contre-indications», au kwa Kiingereza «Contraindications». Hapo wanaandika watu wasioruhusiwa kuitumia. Tahadhari sana: neno hili limebeba lile la kwanza ndani yake. Picha ikikatwa upande wa kushoto, mwanzo wa neno unapotea, unabaki kuona «indications». Chini yake kumeandikwa vidonda vya tumbo, na wewe utadhani dawa inatibu vidonda vya tumbo. Kumbe inaweza kuvifanya vitoke damu! Ukiona kichwa hicho mara mbili, au mwanzo wa mistari umekatika, omba picha nyingine.

Katika orodha hiyo utakuta pia miezi mitatu ya mwisho ya mimba, na karatasi nyingi zinaanza kukataza mapema zaidi. Dawa hii inaweza kudhuru moyo na figo za mtoto aliye tumboni. Basi jibu la mama wa miezi saba ni hapana. Aende kituo cha afya, aeleze mimba yake, apewe dawa inayomfaa.

Sehemu ya tatu ni kwa yule anayeruhusiwa kumeza. Tafuta «Effets indésirables» au «Side effects». Humo kuna mambo madogo kama kiungulia. Wewe tafuta mahali palipoandikwa «Arrêtez» au «Stop», maana yake acha dawa. Choo cheusi kama lami, kutapika damu, uso kuvimba, kupumua kwa shida, ngozi kutoka malengelenge: acha dawa, nenda kwa muganga siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Beba boksi na simu yenye picha.

Na homa isikudanganye. Ibuprofeni inaishusha, lakini haiui malaria. Kapime damu.