Hoja na Mwenye Hoja



Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alichapisha Kichomi, diwani yenye mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Washairi wakagawanyika, na mabishano yakadumu miaka. Katika maneno mengi yaliyorushwa nachukua moja: vijana hawa wameviacha vina kwa kuwa hawaviwezi.

Tukubali kwamba ni kweli, hawaviwezi kabisa. Je, imethibitika kuwa utungo usio na vina si shairi? Haijathibitika. Asiyejua kuogelea anaweza kusema kweli kwamba mtoni mna mamba. Shutuma ile yamhusu mtunzi, na swali lilihusu shairi.

Kinachonisikitisha ni kwamba wanamapokeo walikuwa na hoja nzito mkononi. Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha kanuni za utunzi cha mwaka 1954, alishikilia kwamba shairi ni wimbo. Hapo pana jambo la kujibiwa. Mizani huufanya mshororo ulingane na mahadhi, na kina humsaidia anayehifadhi kwa moyo: kikimponyoka, anajua kuna neno amekosea. Anayetaka kuipinga hoja hiyo lazima afanye kazi, atuletee nyimbo zisizo na vina maalumu ambazo watu wanaziimba, au atuoneshe ushairi uliokusudiwa kusomwa kimyakimya. Mulokozi na Kahigi walipochapisha Kunga za Ushairi mwaka 1979, walijadili asili ya ushairi wenyewe, na mjadala ukapata pa kushika.

Shutuma ya kutoweza, kwa upande wake, huanguka kwa shairi moja. Kijana akikesha usiku, asubuhi akaleta beti tano zenye vina vilivyotimia, amekwisha kuijibu, na hadhira itadhani hoja ya wimbo nayo imejibiwa, ingawa hakuna aliyeigusa. Kambi ya pili nayo haikuwa salama: kumwita mtu mkongwe aliyepitwa na wakati hakuondoi kanuni anayoitetea.

Hata hivyo, si kila neno juu ya mtu ni tusi. Mtu akisema alimsikia mzee wa Pate akiimba utungo usio na vina, nasi hatuna ushahidi ila kauli yake, ni haki kumuuliza kama anaielewa lahaja ya huko na kama aliandika palepale au baada ya miaka. Dai lake linamtegemea yeye.

Wala ukali si lazima ufute hoja. Mhakiki anayesema, “Umeandika upuuzi, mshororo wa tatu una mizani 15 badala ya 16,” hana adabu, na mimi nisingependa kukaa naye meza moja. Lakini liondoe neno “upuuzi”, mizani 15 bado ipo, na mtunzi hana budi kuhesabu silabi zake.