Duka la Maziwa na Sukari: Faida Huanzia Wapi?

Chukulieni mfano wa duka hapa Hulugho. Lita ya maziwa ya ngamia humwachia mwenye duka shilingi 40 baada ya bei ya kununulia. Kilo ya sukari humwachia 10 tu. Kodi na mshahara ni 12,000 kwa mwezi.

Kila lita moja ikiuzwa, huuzwa na kilo mbili. Fungu hilo huacha 60, basi mafungu 200 hurudisha gharama. Akitaka faida ya 6,000, agawe 18,000 kwa 60: mafungu 300.

Kiangazi maziwa hupungua. Akiuza lita 100 na kilo 500, idadi ni ileile 600, duka limejaa watu, lakini zimebaki 9,000: hasara 3,000. Ndiyo maana daftari huandika maziwa na sukari kando, kila wiki.